Sahani ya Tisini na Saba

Anayepika biriani ya Ijumaa hufanya uamuzi wake mkubwa wa wiki Alhamisi jioni, kabla hajamwona mteja hata mmoja. Nyama inanunuliwa, inakatwa, inalazwa kwenye maziwa mgando, tangawizi, kitunguu saumu na viungo. Vitunguu vinakaangwa mpaka vigeuke rangi ya kahawia. Kufikia alfajiri idadi ya sahani imeshaamuliwa na hairudi nyuma. Wateja watakuja kati ya saa saba na saa tisa, wengi wao wakitoka msikitini, na hakuna aliyetuma ujumbe kusema watakuwa wangapi. Wakiwa wachache, biriani inabaki, na biriani ya jana haiwekwi tena mezani kwa bei ya leo. Wakiwa wengi, sufuria linakwanguliwa mapema na watu wanageuzwa mlangoni.

Tatizo hili lina umri mrefu kwenye vitabu. Mwaka 1888 mchumi Francis Ysidro Edgeworth alijiuliza benki iweke fedha taslimu kiasi gani ili iwatosheleze wateja wanaokuja kutoa amana zao, huku ikijua kwamba fedha inayolala kwenye kasha haizai riba. Alilijibu kwa hesabu za uwezekano. Mwaka 1951 Kenneth Arrow, Theodore Harris na Jacob Marschak waliandika makala kuhusu akiba ya bidhaa ambayo wachumi wanaitaja mpaka leo, na mwaka huohuo Philip Morse na George Kimball wakatoa kitabu chenye mfano wa kijana anayeuza magazeti barabarani. Gazeti la leo halinunuliwi kesho, kwa hiyo kijana huyo anapaswa kujua alfajiri achukue nakala ngapi. Mfano huo ndio ulioshika, na tangu hapo hesabu yote inaitwa tatizo la muuza magazeti, hata inapohusu samaki, maua, damu ya hospitali au biriani.

Mimi nitabaki na biriani, kwa sababu ina sifa zote zinazohitajika. Inaamuliwa mara moja, inauzwa kwa muda mfupi, na kinachobaki kinapoteza thamani siku hiyohiyo. Wiki ijayo inaanza upya kabisa, bila deni wala akiba kutoka wiki hii.

Tumchukue mamantilie mmoja wa Dar es Salaam, tumpe tarakimu zilizo rahisi kufuatilia. Sahani anaiuza shilingi 6,000. Mchele, nyama, mafuta, viungo na mkaa vinamgharimu shilingi 2,800 kwa kila sahani. Kodi ya kibanda na posho ya msaidizi hatuziingizi, kwa sababu atazilipa hata akipika sahani kumi. Kinachobaki baada ya saa tisa anakifunga kwenye vifuko na kuwauzia madereva wa bodaboda na walinzi wa zamu ya usiku kwa shilingi 2,000.

Ukimuuliza apike ngapi, wengi watamshauri apike wastani. Kama kwa kawaida wanakuja watu 80, apike sahani 80. Ushauri huo unasikika wa busara, nao unampotezea fedha kila Ijumaa. Kosa lake ni kudhani kwamba kupika sahani moja zaidi ya inavyotakiwa na kupika sahani moja pungufu ni makosa yenye gharama sawa.

Ziweke gharama hizo mbili kando kwa kando. Sahani iliyopikwa ikabaki ilimgharimu 2,800, ikamrudishia 2,000 jioni. Hasara ni shilingi 800. Sahani iliyotakiwa ikakosekana ingemwingizia 6,000 kwa gharama ya 2,800. Amepoteza faida ya shilingi 3,200. Kwa mama huyu kukosa kunauma mara nne kuliko kubakiwa. Hilo halionekani kwa macho, na ndiyo sababu linawapita watu wengi. Biriani iliyobaki ipo pale, inanukia, inamwangalia. Mteja aliyesema, “Mama, imebaki?” akajibiwa, “Imeisha mwanangu, wahi wiki ijayo,” ameondoka na shilingi 3,200 za faida ambazo hakuna mtu atakayeziandika popote.

Sasa tuipime sahani moja moja. Tuseme ameshaamua kupika 79 na anajiuliza kama aongeze ya 80. Ikiwa watu wanaokuja ni 80 kwa wastani, wakizidi siku moja na kupungua siku nyingine kwa namna ileile, basi sahani ya 80 ina karibu nafasi nusu ya kupata mnunuzi. Nusu ya 3,200 ni 1,600. Nusu ya pili ni uwezekano wa kubaki, nayo inamgharimu nusu ya 800, yaani 400. Anatarajia kupata 1,600 na kupoteza 400. Sahani ya 80 inalipa, na inalipa sana. Hapo hakuna sababu ya kusimama.

Aongeze ya 81, ya 85, ya 90. Kila inayofuata ina nafasi ndogo zaidi ya kupata mtu, kwa hiyo upande wa faida unashuka na upande wa hasara unapanda. Mahali pa kusimama ni pale pande mbili zinapolingana. Hapo uwezekano wa sahani ya mwisho kuuzwa, ukizidishwa kwa 3,200, unatoa kiasi kilekile kinachotokana na uwezekano wake wa kubaki ukizidishwa kwa 800. Hili linatokea pale nafasi ya kuuzwa inapokuwa asilimia 20: sehemu ya tano ya 3,200 ni 640, na sehemu nne za tano za 800 nazo ni 640. Sahani inayofuata itapata chini ya hapo na kupoteza zaidi ya hapo.

Ukiigeuza kauli hiyo unapata kanuni nzima. Apike kiasi ambacho uwezekano wa kuwatosheleza wateja wote ni asilimia 80. Ile 80 haikutoka kwenye idadi ya wateja. Imetoka kwenye bei tu: gharama ya kukosa ikigawanywa kwa jumla ya gharama ya kukosa na gharama ya kubakiwa, yaani 3,200 kwa 4,000. Nitauita uwiano wa uamuzi. Ukiandika Cu kwa gharama ya kukosa sahani moja na Co kwa gharama ya kubakiwa na moja, unakuwa hivi:

```
uwiano = Cu / (Cu + Co) = 3200 / (3200 + 800) = 0.80
```

Uwiano unatuambia tunataka kujikinga kiasi gani. Hautuambii bado ni sahani ngapi. Kwa hilo tunahitaji kuwajua wateja, na hapa daftari linaingia. Tuseme kwa Ijumaa kumi mama ameandika idadi ya watu waliotaka biriani: 77, 93, 58, 86, 115, 66, 83, 100, 50 na 72. Jumla ni 800, wastani 80. Lakini wastani peke yake unaficha jambo muhimu, kwamba kuna Ijumaa ya watu 50 na kuna ya watu 115. Tunahitaji pia kipimo cha mtawanyiko, yaani siku hizi zinatanga mbali kiasi gani kutoka 80. Wanatakwimu wanatumia mkengeuko sanifu. Unachukua tofauti ya kila siku na wastani, unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha zote, unagawanya kwa idadi ya siku ukitoa moja, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Kwa daftari hili jumla ya mraba wa tofauti ni 3,492. Ukigawanya kwa 9 unapata 388, na kipeuo chake ni 19.7. Tuite 20.

Wateja wanaoamua kila mmoja kivyake, mmoja akila nyumbani leo, mwingine akiwa na mgeni, mwingine akiwa hana nauli ya kufika mjini, wakijumlishwa kwa makumi huelekea kufuata umbo la kengele ambalo takwimu inaliita mgawanyo wa kawaida. Siku nyingi zinajikusanya karibu na wastani, na kadiri unavyotoka mbali nao siku zinapungua haraka pande zote mbili. Faida ya umbo hili ni kwamba ukishajua wastani na mkengeuko, unajua kila kitu kingine. Karibu theluthi mbili za Ijumaa zitakuwa kati ya watu 60 na 100. Ijumaa ya watu zaidi ya 120 itatokea kama mara mbili au tatu katika mia.

Kuna jedwali linalosema upande juu ya wastani kwa mikengeuko mingapi ili uwe na uhakika fulani. Kwa asilimia 50 hupandi hata kidogo. Kwa 60 unapanda robo ya mkengeuko, kwa 70 nusu na ushee, kwa 80 unapanda 0.84, kwa 90 unapanda 1.28. Namba hiyo huandikwa z, na jibu ni wastani kujumlisha z mara mkengeuko:

```
Q = 80 + 0.84 × 20 = 96.8
=NORM.INV(0.8,80,20)
```

Mstari wa pili ni fomula ya jedwali la kompyuta au simu; itakupa 96.83 bila kutafuta jedwali la kitabuni. Mama huyu apike sahani 97.

Tuone sasa inampa nini. Akipika 97 kila Ijumaa, kwa wastani sahani kama 19 zitabaki mpaka jioni na watu kama wawili watakosa. Makosa hayo mawili kwa pamoja yanamgharimu shilingi 22,400, na faida anayotarajia baada ya kuyatoa ni kama 233,600. Akipika 80, zinabaki kama 8 na wanakosa watu kama 8; makosa yanamgharimu karibu 31,900, na faida inashuka mpaka kama 224,100. Tofauti ni shilingi 9,500 kwa Ijumaa moja, kwa mchele uleule, jiko lilelile na wateja walewale.

Kuna jambo hapa ambalo kila mwenye jiko angefaa kuliona kwa tarakimu. Jirani yake akipika sahani 120, kila wiki atabakiwa na kama 40, na watu watasema mama huyu hajui hesabu. Faida yake itakuwa kama 223,300. Ni chini ya ile ya aliyepika 80 kwa shilingi zisizofika elfu moja. Huyu anayesifiwa kuwa makini na huyu anayechekwa wanapoteza karibu kiasi kilekile, ila hasara ya mmoja inaonekana kwenye sufuria na ya mwingine imeondoka kwa miguu.

Wala si lazima ang’ang’anie 97 kamili. Karibu na jibu sahihi, faida haibadiliki sana. Akipika 90 anapoteza kama 1,400 kwa Ijumaa ukilinganisha na 97. Akipika 100 anapoteza kama 260 tu. Kama sufuria lake linajaa vizuri kwenye sahani 100, apike 100 bila wasiwasi. Hesabu hii inaadhibu vikali anayekosea mwelekeo, lakini inamsamehe anayekosea kidogo.

Mwelekeo wenyewe unaweza kugeuka, na hapo ndipo uwiano unapoonyesha nguvu zake. Fikiria wakala wa mikate mwenye idadi hiyohiyo ya wateja, wastani 80 na mkengeuko 20. Mkate anaununua 1,300 na kuuuza 1,500; uliobaki anaupeleka kwa mfugaji wa kuku kwa 700. Kukosa kunamgharimu 200, kubakiwa kunamgharimu 600. Uwiano ni 0.25, na z inakuwa hasi, -0.67. Achukue mikate 66 au 67, chini kabisa ya wastani, na siku tatu kati ya nne atawageuza watu. Anayemwona atamwita mzembe, lakini kwa bei hizo yeye ndiye aliyepatia. Kama kiwanda kinataka mikate yake ionekane madukani mpaka jioni, kumlaumu wakala hakutasaidia. Kikubali kurudishiwa iliyobaki kwa bei nzuri, tuseme 1,200, na gharama ya kubakiwa itashuka mpaka 100. Uwiano unapanda hadi theluthi mbili, na wakala mwenyewe, kwa faida yake, ataagiza kama 89.

Kwamba watu hawafanyi hivi wenyewe si dhana. Mwaka 2000 Maurice Schweitzer na Gérard Cachon walichapisha majaribio ambamo watu walipewa bidhaa ya kuuza kwa 12, huku idadi ya wanunuzi ikiwa chochote kati ya 1 na 300 kwa nafasi sawa. Bidhaa iliponunuliwa kwa 3, jibu bora lilikuwa 225. Iliponunuliwa kwa 9, jibu bora lilikuwa 75. Washiriki walijua kila kitu, hata bei na uwezekano. Bado kwenye bidhaa yenye faida nono waliagiza pungufu, na kwenye yenye faida nyembamba waliagiza kupita kiasi. Mara zote mbili wastani wa 150 uliwavuta kama sumaku.

Hata anayeifuata kanuni anaweza kuangushwa na daftari lake, na hili nalihesabu kuwa tatizo kubwa kuliko hesabu yote iliyotangulia. Nilisema mama ameandika watu waliotaka biriani. Wauzaji wengi huandika sahani walizouza, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Tuseme katika Ijumaa zile kumi alikuwa anapika 90. Siku ya watu 93, ya 100 na ya 115, daftari lake litasema 90, 90 na 90. Wastani utakuwa 76 badala ya 80. Mkengeuko utaharibika zaidi, kwa sababu siku kubwa zote zimekatwa vichwa: utakuwa 14 badala ya 20. Akiingiza namba hizo kwenye kanuni iliyo sahihi kabisa, atapata sahani 88.

Wiki zinazofuata atapika 88. Sufuria litaisha mara nyingi zaidi, daftari litaandika 88 tena na tena, mtawanyiko utazidi kuonekana mdogo, na hesabu itamwambia apunguze tena. Anateremka ngazi moja baada ya nyingine huku kila hesabu ikionekana imenyooka, na wateja anaowageuza wanazoea kula kwa jirani, mpaka ile idadi ndogo inakuwa kweli.

Njia ya kwanza ya kujiokoa ni kuwahesabu wanaogeuzwa, msaidizi akipiga mstari kwenye karatasi kila mtu anapouliza akaambiwa imeisha. Hiyo inafaa, ingawa haitoshi, maana wengine wanaona sufuria limefunikwa wakapita bila kuuliza. Njia ya pili inahitaji saa tu. Kwenye Ijumaa ambazo biriani haikuisha, aandike mpaka saa nane kamili ameuza sehemu gani ya mauzo ya siku nzima. Tuseme kwa kawaida ni sehemu nne kati ya tano. Basi Ijumaa ambayo sahani 90 ziliisha saa nane, wateja wa siku nzima wangekuwa 90 kugawanya kwa 0.8, yaani kama 112. Hiyo ndiyo namba ya kuandika daftarini. Kwa siku yetu ya watu 115, makadirio hayo yamekosea kwa watatu tu, wakati lile 90 lingekosea kwa 25.

Uwiano wenyewe unatoa kipimo cha kukagua kama mambo yanakwenda sawa. Kama uwiano ni 0.80, basi katika Ijumaa kumi sufuria linapaswa kuisha kabla ya wakati kama mara mbili. Likiwa haliishi kamwe, anapika kupita kiasi au bei ya jioni imebadilika bila yeye kurekebisha. Likiisha mara tano, wastani wake umepitwa na wakati, au anaandika mauzo badala ya mahitaji. Asihukumu kwa Ijumaa moja wala tatu, maana bahati tu inaweza kuleta siku mbili za kuisha mfululizo. Miezi mitatu inatosha kuona kama kuna kasoro.

Zipo hali ambazo umbo la kengele halifai, na mtu akililazimisha litampotosha. Ijumaa za mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka, si sawa na Ijumaa za tarehe 20. Ukizichanganya unapata vilima viwili badala ya kengele moja, na wastani unaangukia bondeni katikati, mahali ambapo hakuna Ijumaa yoyote inayokaa. Gawanya daftari sehemu mbili, kila aina na wastani wake. Ramadhani nayo ina daftari lake, kwa sababu mchana hauna wateja na kinachouzwa ni futari na daku. Na ikiwa unachouza ni kidogo sana, tuseme keki tatu au nne kwa siku, kengele itakuambia kuna uwezekano wa wateja hasi. Hapo achana na z. Panga siku zako kuanzia ndogo hadi kubwa, uhesabu mpaka ufike asilimia inayotajwa na uwiano, uchukue namba iliyo pale.

Ile bei ya jioni nayo inahitaji kuangaliwa kwa jicho kali. Tumesema kila sahani iliyobaki inauzwa 2,000. Lakini akipika 97, kwa wastani zinabaki 19, na Ijumaa mbaya zitabaki 40 au zaidi. Je, kijiwe cha bodaboda kinaweza kula sahani 40? Kama kinameza 15 na zinazobaki zinagawiwa bure, sahani hizo za ziada hazina hasara ya 800 tena. Hasara yake ni 2,800 nzima. Kama hakungekuwa na mnunuzi wa jioni hata mmoja, uwiano ungekuwa 3,200 kwa 6,000, yaani 0.53, na jibu lingeshuka hadi 82. Jibu la kweli liko kati ya 82 na 97, na linategemea kijiwe hicho kinakula ngapi. Kwa upande mwingine, kama mteja aliyegeuzwa harudi wiki ijayo, gharama ya kukosa inazidi 3,200 na jibu linapanda. Kila mmoja azipime kwa jiko lake, lakini azipime zote mbili, si ile inayoonekana tu.

Pia kuna nafasi ya kulegeza uamuzi wenyewe. Biriani ya pwani ina rojo peke yake na wali peke yake. Rojo haliwezi kungoja, nyama yake imelazwa tangu usiku. Wali unaweza kupikwa kwa awamu mbili, ya kwanza kwa watu 75, ya pili ikibandikwa baada ya saa saba kwa idadi inayotegemea jinsi watu walivyoanza kufika. Kwa wali mama hafungwi tena na Alhamisi jioni, na kinachobaki kuamuliwa gizani ni nyama tu.

Lakini punguzo kubwa zaidi linatoka kwenye ile 20. Ukiangalia vizuri, gharama ya makosa yote ni mkengeuko ukizidishwa kwa namba zisizobadilika za bei. Wastani haumo kabisa. Mkengeuko ukishuka kutoka 20 hadi 12, gharama inashuka kutoka 22,400 hadi 13,440, na sahani za kupika zinashuka kutoka 97 hadi 90, bila kupunguza mteja hata mmoja. Namna ya kuushusha ni kuwajua baadhi ya wateja mapema: ofisi tatu za jirani zikitoa oda kwa simu Alhamisi mchana, sehemu hiyo ya umati haibahatishwi tena, inahesabiwa. Kwa bei hizi, oda zikileta punguzo hilo, zina thamani ya shilingi 8,960 kwa wiki, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho mama huyu anaweza kumlipa kijana wa kuzunguka maofisini kuzikusanya kabla ya kwenda buchani.